Karibuni Nairobi: salamu za asubuhi kabla ya kupanda gari

(Saa kumi na mbili kasorobo, Julai, nje ya hoteli katikati ya mji. Wageni saba kutoka Tanzania, gari moja.)

KAMAU: Hamjambo wageni wangu? Shikamoo mzee. Poleni na baridi. Kwa Julai hii ndiyo kawaida, na jua likichomoza mtavua hayo masweta. Mimi naitwa Kamau, ndiye nitakayewatembeza leo Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Usukani uko kwa Odhiambo. Orodha niliyo nayo ina majina matupu. Kila mmoja aniambie anaitwa nani, ametoka wapi, na kitu gani akikikosa leo atarudi kwao akinung'unika. Kama kuna maradhi au chakula usichokula, sema hapa hapa au uninong'oneze pembeni. Tuanze na wewe dada.

ASHA: Asha, mwalimu wa jiografia, Tanga. Nataka vifaru.

KAMAU: Ndiyo sababu ya kuondoka na giza. Mbugani wako weusi na weupe. Mweupe hula nyasi, kwa hiyo huonekana uwandani. Mweusi hula majani ya vichaka, na jua likikaza hujificha humo humo. Tutaanza naye.

ASHA WA PILI: Mimi pia Asha, muuguzi, Moshi. Gari hunichafua roho.

KAMAU: Basi wewe ni Asha wa Moshi, mwenzako Asha wa Tanga, nisije nikawachanganya mchana kutwa. Ukae mbele na dereva. Kiti cha nyuma kabisa kiko juu ya tairi, ndicho kinachorusha zaidi. Kama una dawa, imeze sasa. Ukishaanza kuchafukwa haikusaidii. Mzee wangu?

MZEE HAMISI: Marahaba. Hamisi, Tanga. Nimestaafu reli. Goti hili la kushoto halinitii.

KAMAU: Utakaa mlangoni, mzee. Kupanda, tanguliza mguu wa kulia. Kushuka, tanguliza huo unaouma. Nitakuwekea kigoda, na usishike mlango, shika mkono wangu, maana mlango huu unateleza. Na kwa kuwa ni mtu wa reli: mji huu ulianza na reli ilipofika mwaka 1899, na reli mpya inakatiza mbuga juu ya daraja la karibu kilomita 6, wanyama wakipita chini. Tutasimama ulione.

REHEMA: Rehema, Arusha. Huyu mume wangu Elia, na huyu Juma, ana miaka sita.

JUMA: Twiga!

KAMAU: Twiga utamlisha kwa mkono wako, Juma, mchana kule Lang'ata. Kiganja wazi, yeye atachukua kwa ulimi. Usisimame ubavuni mwa kichwa chake, maana twiga hupiga kwa kichwa. Elia, kimya hicho ni cha usingizi au kuna jambo?

ELIA: Karanga. Nikila nafura midomo.

KAMAU: Vizuri umesema mapema. Nitampigia mpishi tukiwa njiani, maana karanga zikishaingia kwenye mchuzi hazionekani. Una dawa yako?

ELIA: Iko kwenye begi.

KAMAU: Begi lile la kwenye buti? Itoe, iwe mfukoni. Na kijana?

DENIS: Denis, Dar. Nimekuja na droni.

KAMAU: Iache mapokezi, ndugu yangu. Mbugani hairushwi bila kibali, na tukikutwa nayo asubuhi yetu itaishia langoni.

Haya, safari yenyewe. Mbuga ilitangazwa mwaka 1946, ni kilomita za mraba 117, na tembo hamtawaona humo. Eneo ni dogo kwao. Tembo watakuwa wale watoto yatima wanaolelewa kituo cha Sheldrick, saa tano hadi saa sita, na nafasi zetu zimeshawekwa. Saa hiyo haisogezwi, kwa hiyo saa nne na nusu tunaondoka tulipo, hata kama simba ndiyo kwanza amejitokeza. Simba siwaahidi.

Nipeni vitambulisho niviangalie. Raia wa Afrika Mashariki hatozwi kama mgeni wa mbali, lakini lazima athibitishe. Asha wa Moshi, hii ni kadi ya benki.

ASHA WA MOSHI: Kumbe! Pasi iko chumbani.

KAMAU: Kimbia, tunakusubiri. Wengine, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani. Mimineni maji kwenye hizi za chuma, kila mtu yake. Chooni nendeni sasa. Kingine kiko langoni, kisha tutakaa muda mrefu bila kushuka. Paa litainuliwa, ila mtu asimame gari likiwa limesimama tu. Na vyakula viwe ndani ya begi lililofungwa: nyani haombi.

Moja, mbili, tatu... sita. Bado Asha. Odhiambo, washa gari lipate joto. Mzee, karibu, mguu wa kulia kwanza.