Orodha ya kipaumbele cha ujumbe: kazi za tafsiri na maandishi ya tovuti, Moshi, msimu wa Juni hadi Oktoba

Inatumika kwa Gmail na WhatsApp ya kazi, na msaidizi anayeshika simu asubuhi anaifuata hivi hivi.

Nani anaitwa mteja anayelipa

Ni yule ambaye malipo yake ya awali ya asilimia 40 yameshaonekana kwenye salio letu, au ana ankara iliyo wazi. Picha ya risiti ya benki au ya M-Pesa haitoshi, maana hutengenezwa kirahisi. Fungua akaunti uangalie salio lenyewe. Mtu akilipa leo, anapewa namba ya kazi leo. Zikipita siku 90 bila kazi wala deni, anashuka ngazi ya pili.

Ngazi ya 1: Wanaolipa

- KZ014, kampuni ya kupandisha wageni mlimani, Rau
- KZ017, lodji ya Marangu
- KZ021, ushirika wa kahawa, Kibosho
- KZ022, wakala wa safari aliyeko Ujerumani

Ndani ya ngazi hii, cha kwanza ni kosa kwenye maandishi ambayo tayari yako mbele ya wageni: bei, tarehe ya kupanda, jina la njia. Machame ikiandikwa mahali pa Marangu, mgeni anafika geti ambalo wapagazi wake hawapo. Jibu ndani ya dakika 30. Pili ni anayeuliza alipie wapi, au anayedai ankara irekebishwe: ajibiwe ndani ya saa moja, kwa sababu mhasibu akishafunga malipo ya wiki, fedha inasubiri wiki nyingine. Mengine yote ya ngazi hii, siku hiyo hiyo.

Mwenye deni lililopita siku 30 anabaki hapa hapa. Tunataka kumsikia haraka, ila kazi yake mpya haianzi mpaka alipe.

KZ022 huandika mwisho wa siku yake. Saa 11 jioni kwao ni saa 12 jioni kwetu majira yao ya joto. Wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa 1 usiku. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ni saa 12:30 jioni, na wakisharudisha saa nyuma ni saa 1:30 usiku.

Namba ya kazi inakaa kwenye kichwa cha kila barua tunayotuma, imeandikwa bila kistari wala nafasi. Mteja akijibu inarudi nayo, hata kama anayejibu ni mhasibu mwenye anwani tusiyoijua. Kichujio:

```
subject:(KZ014 OR KZ017 OR KZ021 OR KZ022)
```

Chagua Apply the label (1-Wanaolipa), Never send it to Spam na Always mark it as important. Tia tiki pia Also apply filter to matching conversations, la sivyo barua za zamani zinabaki zilipo.

Mteja akianzisha barua mpya bila namba, kichujio hiki hakimwoni. Kwa hiyo kila mteja ana kichujio cha pili cha anwani yake kamili, chenye lebo hiyo hiyo. Usiweke `@gmail.com` peke yake. Utapandisha dunia nzima.

Ngazi ya 2: Wanaoulizia

Lebo ni 2-Wanaoulizia, na msaidizi anaibandika kwa mkono. Wanajibiwa mara mbili kwa siku, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Anayetaka "sampuli ya bure" ya zaidi ya maneno 150 anatumiwa bei, basi.

Ngazi ya 3: Majarida na matangazo

```
unsubscribe -subject:(KZ014 OR KZ017 OR KZ021 OR KZ022)
```

Chagua Skip the Inbox na lebo 3-Majarida. Yanasomwa Ijumaa alasiri. Lisilofunguliwa wiki nne, tunajiondoa.

Hapa ndipo barua za wateja hupotea. Vichujio vyote vinavyolingana hufanya kazi kwa pamoja, hakuna kinachomtangulia mwenzake. Barua ya lodji iliyotoka kwenye mfumo wa kuweka nafasi huwa na neno unsubscribe chini kabisa, ikaondolewa kikashani hata kama ina lebo ya ngazi ya 1. Kutoa `-label:1-wanaolipa` hakusaidii, kwa kuwa barua inayoingia bado haina lebo. Toa namba za kazi kama hapo juu, na ongeza `-from:` kwa anwani ya kila mteja. Namba mpya ya kazi iingizwe kwenye vichujio vyote viwili siku ile ile.

Mwonekano

Kompyuta: Settings, Inbox, Multiple inboxes, sehemu ya kwanza iwe juu ya kikasha:

```
label:1-wanaolipa is:unread
```

Mpangilio huu hauonekani kwenye simu. Kwenye simu ya Android, zima arifa za kikasha kizima, kisha kwenye lebo 1-Wanaolipa washa Sync messages na arifa zake tu.

WhatsApp: wateja wa Rau, Marangu na Kibosho wamebandikwa juu, wana mlio wao. Magrupu yote yamenyamazishwa. Agizo la kazi lililokuja kwa sauti linaandikwa kwa barua pepe yenye namba ya kazi kabla ya kuanza.

Kila Jumatatu saa 2 asubuhi, fungua Spam na 3-Majarida, utafute kila namba ya kazi kamili, maana Gmail haioni KZ peke yake ndani ya KZ014, na majina ya wateja wote wanne.