YAH: Majibu ya ofa ya vyumba 46, ukumbi na masharti ya malipo, 16 hadi 20 Novemba 2026

Kwa: Meneja wa Mauzo
Kutoka: Mratibu wa Mkutano, Kamati ya Maandalizi
Tarehe: 17 Agosti 2026

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa ofa uliyotuma Alhamisi iliyopita, na kwa kututembeza kwenye vyumba na ukumbi wa hoteli yenu hapo Raskazone. Kamati imekaa, imeisoma ofa hiyo na kuridhia kwamba mkutano wa wakulima wa mwani na wavuvi wadogo ufanyike kwenu, endapo tutaelewana katika mambo ninayoyaeleza hapa.

Nianze na tarehe. Ulitushauri tusogeze mkutano wiki moja nyuma, 9 hadi 13 Novemba, kwa punguzo la asilimia 10 kwa vyumba vyote. Punguzo hilo ni zuri na kwa kundi lingine ningelipokea bila kusita, lakini wiki hiyo mwezi unaandama, maji yatakuwa bamvua, na hizo ndizo siku ambazo wakulima wa mwani hushinda mashambani maji yakikauka. Wiki ya tarehe 16 ni ya maji mafu, na ndiyo maana tuliichagua. Kwa hiyo tarehe zinabaki zilivyo, na naomba tujadili bei kwa msingi huo.

Kuhusu idadi ya vyumba, ofa yenu imehesabu vyumba 46 kwa usiku wote minne, yaani malazi 184, wakati matumizi yetu halisi hayafiki huko. Wageni wa Kilwa, Mafia na Bagamoyo wataingia Jumatatu tarehe 16, na kwa usiku huo tunahitaji vyumba 30, yaani 10 vya mtu mmoja na 20 vya vitanda viwili. Jumanne na Jumatano ndipo tutahitaji vyumba vyote 46, yaani 14 vya mtu mmoja na 32 vya vitanda viwili. Alhamisi jioni, baada ya kufunga mkutano, washiriki wa Pangani, Muheza na Mkinga watarudi makwao, hivyo vitabaki vyumba 28, vikiwemo 8 vya mtu mmoja. Jumla ni malazi 150, na ndiyo tunayoomba iandikwe kwenye mkataba. Washiriki 12 ni wakazi wa Tanga mjini na hawatalala hotelini.

Bei mliyotupa ni shilingi 95,000 kwa chumba cha mtu mmoja na shilingi 120,000 kwa chumba cha vitanda viwili, pamoja na kifungua kinywa. Tunaomba ziwe shilingi 85,000 na shilingi 110,000, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani. Sababu yetu ni kwamba kundi hili linajaza vyumba vyenu katikati ya wiki, tena linatumia ukumbi na jiko kwa siku tatu mfululizo. Mmetupa pia chumba kimoja cha bure kwa kila vyumba 25. Tunaomba kiwe kimoja kwa kila vyumba 20, ili tupate viwili vya sekretarieti nje ya hivyo 46.

Gharama ya ukumbi na chakula mmeiandika kwa dola, 22 kwa kila mshiriki kwa siku. Naomba ibadilishwe iwe kwa shilingi. Kama unavyofahamu, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza huduma za ndani ya nchi kama hizi kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, na mkaguzi wetu hatapitisha ankara ya namna hiyo. Tunapendekeza shilingi 48,000 kwa mshiriki kwa siku, bei itakayojumuisha ukumbi, chai ya saa nne na ya saa kumi pamoja na vitafunio, chakula cha mchana, maji, projekta na vipaza sauti viwili. Chakula cha jioni tunaomba kiondolewe kabisa, kwa kuwa washiriki watapewa posho na wengi watapenda kula mjini. Tunahakikisha washiriki wasiopungua 80, na tutalipia wale watakaohudhuria hadi 90.

Kuna jambo dogo la ukumbi ambalo naomba lisipuuzwe. Tulipofika asubuhi, mwanga wa upande wa bahari ulikuwa unapiga moja kwa moja kwenye ukuta wa projekta, na maandishi hayakusomeka kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma. Mapazia yaliyopo ni mepesi mno. Ama mtundike mazito kabla ya tarehe 16, ama mtugeuzie mpangilio wa viti. Lolote mtakaloamua, naomba liandikwe. Vilevile tunahitaji chumba kidogo cha swala karibu na ukumbi, na uhakika kwamba jenereta hubeba viyoyozi vya ukumbi umeme unapokatika.

Sasa masharti ya malipo, ambayo kwa kweli ndiyo yaliyoichukulia kamati muda mrefu zaidi. Mmeomba asilimia 50 siku ya kusaini na asilimia 50 siku 14 kabla ya wageni kufika. Mfadhili wetu hatoi fedha mpaka aone mkataba uliosainiwa na proforma, na hutoa kwa awamu. Kwa bei tunazopendekeza, vyumba ni shilingi 15,350,000, na ukumbi na chakula kwa watu 90 ni shilingi 12,960,000, jumla shilingi 28,310,000. Tunapendekeza kulipa asilimia 20, yaani shilingi 5,662,000, ndani ya siku saba za kazi baada ya kusaini. Asilimia 50, yaani shilingi 14,155,000, ifikapo Jumatatu 26 Oktoba. Na asilimia 30 iliyobaki kwa ankara ya mwisho yenye hesabu halisi, ifikapo Ijumaa 27 Novemba. Iwapo hoteli haiwezi kusubiri kiasi hicho chote baada ya mkutano, tuko tayari kulipa asilimia 20 kabla ya wageni kuondoka na kubakiza asilimia 10 tu. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kamati. Malipo yote yatapitia benki kwa jina la kampuni inayoendesha hoteli, si kwa namba ya simu ya mtumishi yeyote, na kila awamu ipatiwe risiti ya EFD.

Mlisema vyumba mtavishikilia hadi 30 Septemba pekee. Tunaomba hadi Ijumaa 16 Oktoba, siku ambayo tutawasilisha majina ya wageni na nani analala na nani. Hadi siku hiyo turuhusiwe kupunguza malazi kwa asilimia 15 bila kutozwa. Kuanzia hapo hadi 6 Novemba, asilimia 5. Na baada ya hapo, mgeni asiyefika alipiwe usiku mmoja tu, isipokuwa chumba chake kikiuzwa kwa mgeni mwingine. Mkutano ukiahirishwa kwa amri ya serikali au hali ya hewa ya hatari, fedha zilizolipwa zihamishiwe tarehe mpya ndani ya miezi sita au zirejeshwe.

Naomba majibu yenu pamoja na proforma iliyorekebishwa kabla ya saa kumi jioni, Jumanne 25 Agosti, kwa sababu kamati inakutana kesho yake asubuhi na hoteli nyingine moja imeshatupa ofa yake. Mkikubali, nitakuja mwenyewe na mweka hazina kusaini Ijumaa tarehe 28.

Wako,

Mratibu wa Mkutano
Kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi, Tanga

Nakala: Mweka Hazina wa Kamati