Kwa mke wangu, kuhusu jioni nne za wiki hii

Mke wangu mpenzi,

Nakuandikia Jumamosi alfajiri, wewe na watoto mkiwa bado mmelala, kwa sababu kila nilipojaribu kuzungumza nawe wiki hii nilikuwa nimechoka kiasi cha kuanza kujitetea kabla hujamaliza kusema. Kwenye karatasi naweza kunyamaza, nikafikiri, kisha nikaandika lile ninalolikusudia.

Naomba radhi. Jumatatu nilirudi saa 3 usiku, Jumanne saa 3 na nusu, Jumatano saa 3 na robo, na Alhamisi saa 4 ilikuwa imeshapita. Siku zote hizo nilikuwa nimekuambia asubuhi, kwa kinywa changu, kwamba saa 12 jioni nitakuwa nyumbani. Watoto hulala saa 2 na nusu, kwa hiyo kwa siku nne mfululizo uliwaogesha, ukawalisha, ukasimamia kazi zao za shule na kuwalaza peke yako, baada ya wewe mwenyewe kutwa nzima kazini. Binti yetu mdogo aliponiuliza Ijumaa asubuhi kama nilikuwa nimesafiri, nilimjibu haraka ili nisichelewe kutoka, na swali lile limekaa nami hadi sasa.

Linaloniuma zaidi ni la Jumatano. Ulikuwa na darasa lako la jioni, na tulikubaliana tangu Jumapili kwamba siku hiyo nitawahi ili wewe uondoke saa 12. Nilipoingia nilikukuta umekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, umevaa viatu vya kutokea, mkoba wa vitabu uko miguuni, na darasa lilikuwa limekwisha. Nilianza kueleza habari za wakaguzi na nyaraka zilizopotea, nawe ukasema, "Si neno," ukavua viatu, ukautundika mkoba ukutani, ukaenda kulala. Nimeishi nawe muda wa kutosha kujua kwamba unaposema si neno kwa sauti ile, neno lipo, ila umechoka kulisema. Ungenigombeza ningepata pa kujibu. Ulinyamaza, nami nikabaki sebuleni nikiutazama mkoba ule, nikajua kwamba mara ile sikukuchelewesha wewe tu, bali nilikuchukulia kitu kilichokuwa chako, ambacho hukuwa umenipa ruhusa ya kukitoa.

Jana usiku nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Nilifungua ujumbe wote niliokutumia mwezi huu nikauhesabu. Kati ya siku 19 za kazi, siku 11 nilikuandikia kwamba nitachelewa "kidogo", na katika siku 7 kati ya hizo niliandika baada ya saa 12, yaani baada ya muda niliotakiwa kuwa nimeshafika. Nilikuwa nikijiona mtu anayetoa taarifa, kumbe nilikuwa nikikujulisha jambo ambalo ulikuwa umeshalijua kwa kukaa na kusubiri. Na hilo neno "kidogo" halikuwa la kweli hata mara moja. Nililitumia kwa sababu lilikuwa rahisi kwangu kuliko kukutajia saa yenyewe, na matokeo yake ni kwamba hukuweza kupanga lolote: hukujua kama uwape watoto chakula au uningoje, kama umwombe mtu akushikie nafasi darasani au uende mwenyewe.

Najua pia kwamba mzigo huu hauishii kwenye kazi za mikono. Uliniambia mwezi uliopita kwamba umeanza kuogopa kuniomba jambo lolote la jioni, na kwamba ni afadhali usinitegemee kabisa kuliko kunitegemea ukavunjika moyo. Siku ile nilikujibu kwamba unatia chumvi. Naliondoa neno hilo na naliombea radhi peke yake, kwa sababu ulikuwa unanieleza kitu kinachoivunja nyumba taratibu, nami nikakichukulia kama lawama.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nimegundua kwamba sehemu kubwa ya kuchelewa kwangu nimeitengeneza mimi. Nimekuwa nikikuambia kwamba mwisho wa mwezi hauna ujanja. Ni kweli kwamba hesabu lazima zifungwe, lakini si kweli kwamba lazima zifungwe usiku. Ninachelewa kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kulinganisha taarifa za benki na daftari la fedha nimeifanya kuwa yangu peke yangu, na nimeiacha hadi siku nne za mwisho, ilhali ni kazi inayoweza kufanywa kila wiki. Malipo ya wiki moja yakiwa hayalingani, kosa hupatikana upesi, lakini ya mwezi mzima yakirundikana unaweza kutafuta tofauti ndogo hadi usiku. Pili, vitengo vingine huleta ankara zao siku ya mwisho saa za jioni, nami nimekuwa nikizipokea bila kusema lolote, kwa sababu nilipenda kuonekana mtu asiyeshindwa. Wenzangu kazini walipata upande wangu mpole, na gharama yake ukailipa wewe.

Kwa hiyo sikutaka kukuletea ahadi nyingine ya mdomo. Jana mchana, kabla ya kuandika barua hii, nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza hali ilivyo nyumbani, bila kuipamba, na tumekubaliana mambo ambayo yanaanza Jumatatu hii.

Jumatatu, na Jumatano ambayo ndiyo siku ya darasa lako, nitatoka ofisini saa 10 na nusu jioni na kuwa nyumbani saa 11 na nusu. Siku hizo mbili zimeandikwa kwenye kalenda ya idara, kikao hakitapangwa baada ya saa 10, na muda nitakaopungukiwa nitaufidia kwa kuingia saa moja kabla ya muda wangu wa kawaida asubuhi ya Jumanne na Alhamisi. Najua kwamba asubuhi hizo mbili zitakuongezea kazi ya kuwaandaa watoto, na ndiyo maana nguo zao na mikoba yao ya shule nitaiandaa mimi usiku wa kuamkia siku hizo. Ukiona mpango huo wa asubuhi unakuelemea, niambie, nami nitaomba kufidia kwa njia nyingine.

Msaidizi wangu ataanza kulinganisha taarifa za benki kila Alhamisi mchana. Nitakaa naye kwa Alhamisi tatu za kwanza kumfundisha, ndani ya saa za kazi, na baada ya hapo mimi nitakuwa wa kukagua tu. Nakiri kwamba yeye mwenyewe aliniomba kazi hiyo miezi kadhaa iliyopita, nikamwambia asubiri.

Ankara zitapokelewa hadi tarehe 25. Itakayokuja baada ya hapo itaingizwa kwa makadirio na tofauti yake kurekebishwa mwezi unaofuata, jambo ambalo taratibu za hesabu zinaliruhusu na ambalo ningeweza kulipendekeza tangu mwanzo. Msimamizi ndiye atakayewaandikia wakuu wa vitengo, ili lisionekane kuwa ni langu binafsi.

Zitabaki jioni chache za kuchelewa, na sitaki kukuficha. Katika wiki ya mwisho ya kila mwezi nitahitaji jioni mbili, Jumanne na Alhamisi, na sitapita saa 2 usiku. Utazijua wiki moja kabla, zikiwa zimeandikwa kwenye kalenda ya jikoni. Siku nyingine yoyote ikitokea dharura, nitakupigia kabla ya saa 9 alasiri na kukutajia saa kamili ya kufika, na neno "kidogo" sitalitumia tena. Na ikitokea kwamba dharura hiyo imeangukia siku ya darasa lako, kutafuta mtu wa kukaa na watoto ni kazi yangu, si yako. Nimeshazungumza na dada yangu, amekubali kuja siku ya namna hiyo iwapo atapata taarifa mchana, na ni mimi nitakayempigia. Wewe utaondoka saa 12 kama kawaida.

Kuhusu somo la Jumatano ulilolikosa, siwezi kukurudishia, lakini naweza kukupa muda wa kulifidia. Kwa Jumamosi nne zijazo, kuanzia leo, watoto watakuwa nami kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, nje ya nyumba, ili usome au ulale au ufanye utakalo, bila kunieleza uliufanyia nini muda huo. Mtihani wako uko wiki sita mbele, na nimekwisha kuziandika tarehe zake kwenye kalenda yangu ya kazini kama siku ambazo sitakuwepo baada ya saa 9.

Jambo moja sina jibu lake bado. Mwisho wa mwaka wa fedha, wakaguzi wanapokuja, kuna wiki mbili ambazo mpango huu hautatosha. Sitakuahidi kwamba utatosha. Ninachoomba ni tukae mwezi mmoja kabla, tuzipange wiki hizo mbili pamoja, na nikubali kile utakachosema kuwa hukiwezi.

Jumapili ya nne kuanzia kesho, watoto wakishalala, ningependa tukae tuangalie kalenda ya jikoni. Kila siku nitakayorudi nitaandika saa niliyoingia mlangoni, hata ikiwa inaniaibisha. Nikiwa nimeshindwa Jumatatu au Jumatano zaidi ya mara moja bila dharura ya kweli, nitaomba kuhamishwa kutoka kwenye kazi ya kufunga hesabu, hata kama ni kupoteza nafasi ya kuongoza kitengo niliyoisubiri. Hilo nalo nilimwambia msimamizi jana, na alilisikia.

Huna haja ya kunijibu leo, wala kunisamehe kwa sababu nimeandika. Nimekuwa nikiomba radhi haraka na kutarajia unisamehe haraka, ili mimi nilale vizuri. Kama siku nilizochagua hazikufai, au kuna jambo ambalo sijaliona kabisa, liandike chini ya barua hii au niambie wakati wowote, nami nitasikiliza hadi mwisho kabla ya kufungua kinywa.

Mkoba wako bado uko pale ulipoutundika. Saa 3 nitawachukua watoto tutoke; nimekwisha waandalia nguo.

Mumeo akupendaye