Barua kwa karakana: naomba ripoti ya maandishi kuhusu giaboksi

Mbezi Luis,
Dar es Salaam.
8 Oktoba 2025

Meneja wa Karakana,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA RIPOTI YA MAANDISHI KUHUSU CHANZO CHA UBOVU WA GIABOKSI YA BASI LANGU LA DAR–MBEYA

Salaam. Simu tumepigiana vya kutosha, na kila tukimaliza kuongea kila mmoja anabaki na lake. Ndiyo maana safari hii nimeshika kalamu.

Basi langu mnalijua, maana tangu Machi limelala kwenu kuliko lilivyolala stendi. Tarehe 11 Machi lililetwa gia ya tatu ikitoka yenyewe. Mkasema sinkronaiza imekwisha, mkabadilisha, nikalipa shilingi 1,850,000. Tarehe 20 Mei likaja linavuma kama mashine ya kusaga. Mkasema ni bearingi, nikalipa 2,400,000. Tarehe 9 Agosti gia zikawa haziingii kabisa likiwa linaunguruma. Mkabadilisha klachi pleti, presha pleti na bearingi yake, 1,650,000. Jumla ni shilingi 5,900,000, na risiti zote ninazo. Kwenye hizo risiti mmeandika majina ya vifaa na bei tu. Hakuna hata moja iliyoandikwa kifaa kimekufa kwa sababu gani.

Jumamosi iliyopita, tarehe 4, basi lilikuwa na abiria 52. Limeshapita Mahenge, limeanza kupanda Kitonga, gia ya tatu ikaruka ikakaa nyutro. Basi likaanza kurudi nyuma, na nyuma yake kuna lori la mafuta. Dereva akalikamata kwa breki, kondakta akashuka mbio na jiwe akaliweka kwenye tairi. Mungu alisimamia. Nauli nikarudisha, abiria nikawatafutia magari mengine. Ila kilichoninyima usingizi si nauli. Ingekuwa linashuka, injini isilizuie na breki zimeshapata moto, leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Fundi wenu mmoja ameniambia kosa ni la dereva, kwamba analalia klachi na anaendesha mkono ukiwa juu ya liva ya gia. Inawezekana, sibishi, nimepanda na madereva wa namna hiyo. Lakini dereva wa Machi na Mei nilimwondoa mwezi Juni, na huyu wa sasa ni mtu mwingine kabisa. Ugonjwa ni uleule. Kama bado mnaona ni dereva, andikeni hivyo, na mwoneshe ni alama gani kwenye vifaa inayosema hivyo.

Kuna jambo jingine niliona kwa macho yangu. Mwezi Agosti nilikuwepo mkimwaga oili ya giaboksi kwenye lile beseni la njano. Ilikuwa inametameta chenga za rangi ya shaba. Nikauliza, nikaambiwa ni kawaida. Sinkronaiza ilikuwa na miezi mitano tu. Mimi si fundi, lakini kifaa kipya kikilika haraka hivyo, kuna kitu kingine kinachokila, na kubadilisha kinacholiwa peke yake ni kunilipisha mara ya nne.

Sasa giaboksi iko chini kwenu. Naomba isifungwe kwanza. Naomba mniandikie, kwa muhuri na sahihi ya fundi aliyeifungua, mlichokikuta ndani: hali ya meno ya gia ya tatu na foku yake, shafti kuu inacheza kiasi gani kwa kipimo na si kwa kutikisa kwa mkono, kama giaboksi imekaa sawa na injini, na mauntini zikoje. Mwandike pia oili mliyoweka mara zote tatu ni ya namba gani na kama ndiyo anayoitaka mtengenezaji. Mwisho mseme chanzo ni nini. Kama hamjakipata, semeni hamjakipata. Hilo nalo ni jibu, na sitalichukia.

Vifaa vya zamani vyote naomba vitunzwe, hata vilivyovunjika. Nitakuja na fundi mwingine kuvitazama, na ningependa fundi wenu awepo wakiongea wao kwa wao.

Ripoti naomba niipate kabla ya Jumatano, tarehe 15 Oktoba. Kazi mpya yoyote isianze, na kifaa kisinunuliwe, mpaka niisome na nikubali kwa maandishi. Ikionekana ubovu ni mwendelezo wa kazi zenu za nyuma, tutakaa tuongee nani anabeba gharama. Ikionekana ni wangu, nitalipa kama nilivyolipa siku zote, bila kukopa hata senti.

Miaka sita naleta magari kwenu na sijawahi kuwasema vibaya kwa mtu. Fundi wenu wa umeme ndiye bora niliyempata mjini hapa. Nisingependa tuachane kwa sababu ya karatasi moja.

Wako katika kazi,

Mama Zuhura
Mmiliki wa basi