Kwa Neema, kuhusu ile 92

Kwako Neema,

Salamu. Natumai umepata usingizi, maana ujumbe wako uliingia saa nane usiku. Nimeusoma asubuhi hii pamoja na programu ulizoambatisha, zile za kutafuta alama ya juu kabisa darasani, ambazo zinatoa 92 ilhali kuna aliyepata 100. Unasema umehangaika tangu jioni, kila unachobadilisha hakisaidii, na kwamba pengine huna kichwa cha mambo haya, bora uhamie somo lingine mapema. La kuhama tutalizungumza ana kwa ana ukitaka. Ila sitaki uliamue kwa sababu ya namba 92.

Nimepitia matoleo yote uliyonitumia. La kwanza lina `for`, linalofuata lina `while`. Baadaye `print` imepanda juu, kisha imerudi chini. Mwishoni umefuta kila kitu ukaandika upya, na 92 ikakurudia vilevile. Sasa nakuuliza, na wala sikusuti: ulipoondoa `for` ukaweka `while`, ulidhani nini kimeharibika? Nina hakika utasema ulitaka tu kuona kama itakubali. Hapo ndipo usiku wako ulipopotelea. Ulikuwa hudhani chochote, kwa hiyo 92 ilipobaki haikukufundisha chochote. Mtu akifanya kazi saa nyingi bila kujua jambo jipya hata moja, lazima akate tamaa, awe na kichwa cha namna gani.

Kudibagi, yaani kutafuta na kuondoa makosa ya programu, ni kukisia, kisha kulijaribu kisio kwa njia ambayo inaweza kukuonyesha kwamba umekosea. Kisio linalofaa lina pande mbili: "nadhani kilichoharibika ni hiki", halafu "kama ni hivyo, nikifanya jambo fulani nitaona tokeo fulani". Upande wa pili ukikosekana, hilo bado ni lalamiko, halijawa kisio. Na ule upande wa pili uandike kabla ya kuendesha programu. Ukisubiri uone matokeo kwanza, akili itakuambia kwamba ulijua tangu mwanzo.

Tuichukue programu yako yenyewe. Hii ndiyo sehemu inayohusika:

```python
alama = []
for mstari in open("alama.txt"):
    jina, a = mstari.strip().split(",")
    alama.append(a)
print(max(alama))
```

Faili lina wanafunzi 31. Mmoja wao amepata 100, wewe mwenyewe umemwona humo kwa macho. Programu inasema aliyeongoza ana 92. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kilichokwama. Hitilafu za aina hii ndizo zinazochosha kuliko zote, kwa sababu kompyuta haikuelekezi mahali. (Ile inayokutolea ujumbe mrefu mwekundu ni rafiki yako. Anza na mstari wake wa mwisho, ndio unaosema kilichotokea, kisha panda juu kutafuta ni wapi.)

Kisio la kwanza ambalo mtu yeyote angelianza nalo: mstari wenye 100 hausomwi. Labda lupu inaishia njiani, labda mstari ule unarukwa. Kama ni kweli, orodha itakuwa na vitu pungufu ya 31. Basi weka `print(len(alama))` baada ya lupu. Nimeweka, imetoka 31. Kisio limekufa.

Hapa nataka utulie kidogo, kwa sababu najua wewe hapo ungesikitika na kusema "bado haifanyi kazi". Angalia tulichopata kwa mstari mmoja: faili linafunguka, lupu inafika mwisho, kila mwanafunzi ameingia. Robo tatu ya programu imeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Na ile `while` yako, ambayo ilihusu lupu, tungeiacha kabla hatujaiandika.

Kisio la pili: labda `max` haifanyi unachodhani inafanya. Kama ni kweli, itakosea hata kwenye orodha ndogo niliyoiandika kwa mkono. Sihitaji hata programu yako kwa hilo:

```python
>>> max([87, 100, 92])
100
```

`max` iko sawa, angalau kwa namba. Nimesema "angalau kwa namba" kwa makusudi. Jaribio linathibitisha kile tu lilichokigusa, na mimi niligusa namba. Je, kwenye orodha yako mna namba?

Hilo ndilo kisio la tatu: kilichomo ndani ya `alama` si kile unachofikiri kimo. Kama ni kweli, nikiichapisha orodha nzima nitaona kitu cha ajabu. Nimeweka `print(alama)`, na mwanzo wake ukatoka hivi:

```
['87', '100', '92',
```

Ziangalie hizo alama za nukuu. Faili la maandishi hutoa maandishi, na `split` nayo hukata maandishi kuwa vipande vya maandishi. Katika sehemu hii hakuna popote ulipomwambia Python kwamba hiyo ni namba. Lakini ulipokuwa ukichapisha jibu peke yake, skrini ilionyesha 92 tupu bila nukuu, kwa sababu `print` huchapisha `92` na `'92'` kwa sura ile ile. Ungeweza kuitazama hadi alfajiri usione tofauti. Orodha ikichapishwa nzima ndipo nukuu zinapojitokeza. Ukitaka kuziona kwa kitu kimoja, tumia `print(repr(a))`.

Wengi wangekimbilia kurekebisha hapa. Mimi nakuomba tusubiri hatua moja, kwa sababu kuona nukuu si sawa na kujua kwamba nukuu ndizo zilizoleta 92. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, kama majina yanavyopangwa kwenye kamusi. `'100'` inaanza na 1, `'92'` inaanza na 9, basi 92 inashinda papo hapo, hakuna anayetazama urefu. Kama maelezo haya ni ya kweli, yanatabiri jambo la kipuuzi kabisa: nikiweka mwanafunzi mwenye alama 9 mahali pa wote wenye tisini na kitu, huyo wa 9 ataongoza darasa. Nikatengeneza faili la watu watatu, 87, 100 na 9. Programu ikatoa 9.

Utabiri wa kipuuzi ukitimia, kisio lako lina nguvu, kwa sababu hakuna maelezo mengine ya kawaida ambayo yangekubashiria jambo hilo. Ndiyo maana napenda majaribio ya namna hii kuliko yale ambayo yangefaulu vyovyote iwavyo. Sasa rekebisha kwa kuyageuza maandishi kuwa namba: `alama.append(int(a))`. Inatoka 100. Kisha iondoe `int` uone 92 inarudi, uirudishe uone 100. Inachukua sekunde chache, na unajua kwa hakika ni kipi kilichoponya.

Kwa nini nasisitiza badiliko moja kwa wakati? Daktari akikupa dawa tano kwa mpigo ukapona, hajui kilichokuponya, na ukiugua tena ataanza upya. Katika toleo lako la mwisho ulibadilisha mambo mengi pamoja. Lingekubali kwa bahati, usingejua sababu, na wiki ijayo ungekutana na hitilafu ile ile katika vazi lingine.

Utaniuliza: makisio yenyewe yanatoka wapi? Mengine yanakuja kwa kuzoea. Sasa ukiona hesabu inakwenda vizuri kwa namba za tarakimu mbili na kuharibika kwa tarakimu moja au tatu, utashuku maandishi mara moja, jambo ambalo jana usingeliwaza. Mengine yanakuja ukimweleza mtu programu yako mstari kwa mstari kwa sauti, hata kama haelewi lolote. Mara nyingi unakwama katikati ya sentensi kwa sababu umesikia ulichosema. Na usipokuwa na kisio kabisa, igawanye programu katikati. Chapisha thamani zilizopo pale kati: ziko sawa au zimeshaharibika? Ziko sawa, tatizo liko chini. Zimeharibika, liko juu. Gawanya tena nusu iliyobaki. Kwa njia hiyo programu ya mistari 1,000 inakuhitaji maswali kama kumi tu kuufikia mstari wenye kosa, mradi kila swali lijibiwe kwa uhakika. Hapo huhitaji werevu, unahitaji subira.

Kuhusu hilo la kutokuwa na kichwa. Mwaka 1949, kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi Chuo Kikuu cha Cambridge, Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wake, aliandika moja ya programu zake za mwanzo. Ilijaa makosa. Baadaye alisimulia jinsi alivyotambua, akiwa kwenye ngazi za jengo, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingepita akitafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Huyo ndiye aliyeijenga mashine. Makosa hayo hayakumaanisha kwamba amechagua kazi isiyo yake. Ndiyo kazi yenyewe. Anayeandika programu kwa miaka ishirini bado anaona 92 mahali pa 100. Tofauti yake na wewe ni kwamba hachukulii kisio lililokufa kama tusi.

Sasa kazi yako. Kwenye programu hiyo hiyo kuna hitilafu ya pili ambayo hukuitaja, labda kwa sababu 92 ilikuziba macho. Wastani unaotoka ni mdogo kidogo kuliko wastani wa kweli. Nimeukokotoa kwa mkono na nimeshaona sababu, lakini sikuambii. Usiguse programu kwanza. Chukua daftari, chora safu tatu: ninachokisia, nitakachoona kama ni kweli, nilichokiona. Jaza safu mbili za kwanza kwa makisio yasiyopungua matatu kabla hujaendesha kitu. Ukikwama, tengeneza faili lenye mwanafunzi mmoja tu mwenye alama 80, andika wastani unaoutarajia, kisha iendeshe. Faili dogo husema mambo ambayo faili la watu 31 linayaficha.

Niletee daftari Jumatano kabla ya kipindi. Nitasoma kwanza yale makisio yaliyokufa, maana hayo ndiyo nitakayoyapa maksi. Hitilafu yenyewe usipoikuta, tutaimalizia pamoja mezani kwangu. Na usiku huu lala mapema.

Wako,
Mwalimu Rehema