Maelezo ya Kazi: Ukarabati wa Zege la Roshani Lenye Nondo Zilizoshika Kutu

Jengo la makazi la ghorofa nne, Upanga, Dar es Salaam. Roshani ya ghorofa ya tatu, upande wa baharini.

1. Hali iliyokutwa

Jamvi la roshani limechomoza mita 1.4 kutoka ukutani, unene milimita 150. Chini, zege limebanduka eneo la mita 1.8 kwa 0.6 na nondo ziko wazi. Juu kuna ufa sambamba na ukuta. Zege linalofunika nondo ni milimita 12 hadi 18 tu, na kloridi ni asilimia 0.7 ya uzito wa saruji. Chanzo ni chumvi ya upepo wa bahari, pamoja na maji ya kufulia yanayotuama kwa kuwa sakafu haina mteremko.

2. Kuegemeza

Katika jamvi lililochomoza, nondo zinazobeba mzigo ni za juu, na zinavutwa zaidi pale linapoungana na ukuta. Kwa hiyo ufa wa juu ni hatari kuliko madoa ya kutu yanayoonekana chini, hata kama wapangaji wanalalamikia hayo ya chini.

Kabla ya pigo la kwanza la nyundo, jamvi liegemezwe kwa propu za chuma kila mita 1, na propu ziendelee roshani hadi roshani mpaka ardhini. Kuzikomesha kwenye roshani ya ghorofa ya pili hakukubaliki, kwani nayo ina umri uleule na inapigwa na upepo uleule. Mlango wa roshani ufungwe na njia ya chini izungushiwe uzio. Propu zisitolewe bila idhini ya mhandisi kwa maandishi.

3. Kubomoa

3.1 Jamvi lote, juu na chini, ligongwe kwa nyundo na kila penye mlio mtupu paandikwe chaki. Mhandisi akague mipaka kabla ya kukata.

3.2 Kingo zikatwe kwa grinda kina cha milimita 10, zikiwa wima. Kingo zinazoishia kwa ncha nyembamba haziruhusiwi. Grinda isiguse nondo. Kina cha zege linalofunika nondo kipimwe kwanza.

3.3 Zege litolewe kwa tindo au mashine nyepesi ya mkono hadi milimita 20 nyuma ya nondo, vidole vipite. Kuishia katikati ya nondo ni kuacha chumvi mgongoni mwake. Kubomoa kufuate nondo mpaka paonekane milimita 50 za chuma kisicho na kutu.

3.4 Zege lenye kloridi zaidi ya asilimia 0.4 litolewe hata kama bado ni gumu. Likiachwa, kutu itahamia pembeni mwa kiraka, na mwenye nyumba atalipia kazi hii mara ya pili.

3.5 Upande wa juu ubomolewe kwa vipande visivyozidi milimita 600, kimoja kikiachwa kati ya viwili. Kipande jirani kisiguswe mpaka mota ya kwanza itimize siku 7.

4. Kusafisha nondo

Nondo zipigwe mchanga mkavu kwa mgandamizo wa hewa hadi kiwango cha Sa 2½, mzunguko wote, nyuma pia. Brashi ya waya peke yake haitakubaliwa, kwani hung'arisha uso na kuacha chumvi kwenye vishimo. Kisha zioshwe kwa maji safi ya bomba yenye mgandamizo, zikaushwe kwa hewa isiyo na mafuta. Maji ya kisima cha chumvi ni marufuku katika kazi yote.

Nondo ya milimita 12 ikibaki chini ya milimita 11, iongezewe nyingine ya unene huohuo, ikipishana na nzima kwa milimita 600 kila upande.

5. Kipako

Kipako cha saruji cha kuzuia kutu, kinachotimiza EN 1504-7, kipakwe siku ileile ya kusafisha. Mikono miwili, jumla milimita 2, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Kioo kidogo kitumike kukagua nyuma ya nondo. Kutu ikirudi kabla ya kupaka, kifungu cha 4 kirudiwe.

6. Mota ya kiraka

Mota ya mfuko ya daraja R3 la EN 1504-3, ichanganywe kwa mashine na maji yaliyopimwa. Mota ngumu kupita kiasi haitakiwi, kwani zege la zamani ni la N/mm² 25. Mchanga na saruji za kuchanganya karaini hazitakubaliwa.

Zege lilowanishwe usiku kucha, lipakwe mota likiwa na unyevu bila maji kutuama. Mota isukumwe kwa nguvu nyuma ya nondo kwanza, kisha kwa tabaka za milimita 25 zilizokwaruzwa. Kifuniko cha mwisho kisipungue milimita 35, hata jamvi likilazimika kunenepa. Kazi isimame joto likizidi nyuzi 35.

Kiraka kifunikwe kwa magunia mabichi na nailoni kwa siku 7.

7. Kukubaliwa

Baada ya siku 28 kiraka kigongwe chote na kivutwe sehemu tatu. Wastani wa nguvu ya kushikamana usipungue N/mm² 1.5, na hakuna sehemu chini ya 1.2. Penye mlio mtupu pabomolewe kwa gharama ya mkandarasi. Ndipo sakafu ipewe mteremko wa 1:80 kuelekea nje, na ukingo wa chini ukatwe mfereji wa kudondoshea maji.