Gorogoro

Kabla sijajua kusoma, gorogoro la mama lilikuwa kofia yangu. Nililivaa hadi machoni, nikazunguka katikati ya magunia soko la Kangemi huku nikilipiga kwa kijiko, na wateja wakiniita askari. Mama alininyang'anya pale tu mtu alipotaka kupimiwa.

Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2, maandishi yake yamefutika kabisa. Alilipata kwa nyanya. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba 1984, mwaka wa ukame, makopo kama hayo ndiyo yaliyowapimia mahindi ya manjano, na akisimulia alilikumbatia kifuani kana kwamba bado yuko kwenye foleni.

Mama aliuza rosekoko, nyayo, wairimu, ndengu na, zikipatikana, njahi. Alizinunua Nyamakima kwa gunia. Kilichomtofautisha na jirani zake pale sokoni ni nyongeza. Wengine walikurushia punje kumi ukaona wamekutendea wema. Mama alichota kwa mikono miwili, hasa akiwa Mama Wambo, mjane aliyefua nguo za watu na kulea wajukuu watano. "Ongeza, ongeza," Mama Wambo alisema kwa mzaha, na mama akaongeza kweli. Nilijivuna. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu hana mkono wa birika.

Kidato cha kwanza nilienda bweni. Likizo ya Agosti nilirudi na hesabu za mcheduara kichwani, na kama kila mtoto aliyefundishwa kitu juzi, nilitaka kupima kila kilichokuwa na kitako. Nikachukua chupa ya soda ya nusu lita, nikajaza gorogoro la jirani: chupa nne na nusu. Nikajaza la kwetu: nne na robo, maji yakamwagika.

Nikarudia. Yakamwagika tena.

Nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kuingia ndani, na bati lilikuwa na alama za duara, kila moja saizi ya kichwa cha nyundo. Zilikuwa bado zinang'aa. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari: kwa kila gorogoro 18 mama alizouza, moja nzima ilibaki kwetu. Gunia la kilo 90 lilituachia mbili na nusu.

Sikusema kitu. Nililikausha kwa leso, nikalirudisha juu ya gunia la wairimu. Jioni Mama Wambo alikuja, akapimiwa, mama akachota mikono miwili ya nyongeza, na kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni badala ya kutazama mikono. Hakuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Siku ya kufungua shule alinipa karo yote, noti zimefungwa kwa mpira, zinanuka maharagwe. Nilizipokea kwa ncha za vidole. Aliona. Hatukuzungumza hadi kituo cha basi, na hata pale aliniambia tu nisisahau sweta.

Miaka ikaenda. Nikawa mhasibu (najua, najua). Mama akanunua mizani, kopo likawa la dhania dirishani, kisha la sabuni ya kufulia, kisha likapotelea chini ya kitanda. Nilipomhamishia kwangu Kinoo, baada ya kuanza kusahau jiko likiwaka, nguo zake aliniachia nipange mimi. Kopo alilibeba mwenyewe kwenye mapaja, ndani ya teksi, kama mtoto.

Jumamosi iliyopita niliamshwa na mlio wa bati. Mama alikuwa ameketi kibarazani na kanga mabegani, ameingiza mkono wote ndani ya gorogoro, anagonga kitako kwa jiwe kutoka ndani kwenda nje. Vidole vilikuwa vimechubuka.

"Mama, majirani wamelala."

"Shika huku," alisema. "Linateleza."

Nilichuchumaa, nikalishika kwa mikono yote miwili. Aligonga, akapumzika, akagonga. Hakuniita kwa jina langu. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nami nikaitika. Bati lilitoka kidogo kidogo, likawa na makunyanzi ambayo hayakuwapo awali.

Alipochoka nilileta chupa ya nusu lita. Nikamimina moja, mbili, tatu, nne, naye akifuata kwa kidole hewani. Nikaongeza nusu ya tano. Mara hii hayakumwagika.

Mama aliinama, akatazama maji mpaka mdomoni mwa kopo. Kisha akachovya mikono miwili kwenye ndoo iliyokuwa kando, akachota, akayamimina juu yake. Yakatiririka hadi miguuni mwetu.

"Hiyo ni ya Mama Wambo," alisema. "Mwite kabla hajafika mbali."